Puru Kutoka Nje kwa Mtoto Mdogo na kwa Bibi: Namna ya Kuitambua, Kuirudisha, na Wakati wa Kufikiria Upasuaji

Mama anamsafisha mtoto baada ya choo, anaona nyama nyekundu inayong'aa imetokeza nyuma. Katika nyumba nyingine, bibi wa miaka sabini na kitu anajua kwa muda mrefu kwamba kila akienda chooni kuna kitu kinashuka, naye hukirudisha kwa kidole na kunyamaza. Tatizo ni lile lile kwa wote wawili: puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imeteleza na kutoka kupitia mlango wa haja kubwa. Matibabu yao, hata hivyo, hayafanani. Kwa mtoto tunatafuta kinachomfanya ajikamue, tunakitibu, na mara nyingi puru inatulia bila kisu. Kwa bibi hakuna dawa ya kumeza wala ya kupaka itakayoirudisha ikakaa, na upasuaji ndio unaoponya. Familia nyingi hufanya kinyume: zinahangaika kutafuta daktari wa kumpasua mtoto, na kumwambia bibi avumilie kwa sababu ni uzee. Nimeandika mwongozo huu hasa kwa ajili ya huyo bibi, lakini tuanze na kuangalia, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo.

Tazama kwanza, na tazama kwa wakati unaofaa

Puru iliyotoka mara nyingi haionekani mgonjwa akiwa amelala kitandani, kwa kuwa hurudi ndani yenyewe akishasimama au kulala. Ndiyo maana watu huenda hospitali, wanakaguliwa wamelala chali, wanaambiwa hawana kitu, na kurudi nyumbani. Ukienda kliniki, mwambie mhudumu waziwazi kwamba hutokea wakati wa kujikamua, na uombe ukaguliwe ukiwa umechuchumaa au umetoka chooni muda huo. Picha iliyopigwa kwa simu nyumbani, nyama ikiwa nje, humsaidia sana daktari. Piga kwa heshima, mwoneshe anayekutibu peke yake, kisha ifute.

Jambo la pili ni mikunjo. Puru ikitoka na unene wake wote, utando wa ndani pamoja na ukuta wa misuli, utaona mikunjo ya mviringo, kama pete zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati kuna tundu. Ukiishika ni nene, na kwa mtu mzima inaweza kufika sentimita 5 hadi 10 au zaidi. Bawasiri ni tofauti. Huwa ni vinundu viwili au vitatu vilivyotenganishwa na mifereji inayotoka katikati kwenda pembeni, na rangi yake mara nyingi huelekea zambarau. Wanawake wengi hutumia tyubu za bawasiri kwa miaka huku tatizo lao likiwa puru, kwa kuwa hakuna aliyeangalia mikunjo inaelekea wapi.

Wakati mwingine ni utando wa ndani peke yake unaotoka, bila msuli. Huo huwa mfupi, sentimita mbili au tatu tu, na ndio unaoonekana mara nyingi kwa watoto.

Kwa mwanamke mzee hakikisha pia ni tundu gani linalotoa kitu. Kizazi kilichoshuka hutokea ukeni, mbele. Kwa baadhi ya wanawake vyote viwili hushuka, kwa sababu misuli ya chini ya nyonga inayobeba kizazi, kibofu na puru ni ile ile. Ukiona mkojo unavuja anapokohoa, au anahisi uzito ukeni, lisemwe siku hiyo hiyo ya kliniki ili daktari wa upasuaji na yule wa magonjwa ya wanawake wapange pamoja.

Kwa mtoto kuna vitu viwili vinavyofanana na puru na ambavyo havitakiwi kukosewa. Cha kwanza ni polipu, kinyama cha mviringo chenye shina, chekundu iliyokolea, kinachotokea upande mmoja na hakina tundu katikati. Huvuja damu bila maumivu. Cha pili ni hatari: utumbo uliojiingiza ndani ya utumbo mwingine ukasukumwa hadi nje. Mtoto huyu anaumwa kweli. Analia kwa vipindi huku akikunja miguu, anatapika, tumbo linajaa, na choo chake ni damu iliyochanganyika na ute. Mhudumu akipitisha kidole kati ya ile nyama na ukuta wa njia ya haja kubwa, kinaingia ndani bila kizuizi. Kwa puru ya kawaida kidole hukwama pale pale mlangoni, kwa kuwa ngozi na utando vimeungana. Mtoto mwenye dalili hizi anapelekwa hospitali ya upasuaji saa hiyo, bila mtu yeyote kujaribu kumsukumia kitu ndani.

Kuirudisha

Kabla ya kugusa, angalia rangi. Nyama ya waridi au nyekundu, yenye unyevu, inayovuja damu kidogo ukiigusa, iko hai na inaweza kurudishwa. Ikiwa imekuwa zambarau iliyokolea, ya kijivu au nyeusi, ikiwa imekauka au inanuka, usiisukume. Ifunike kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji safi yenye chumvi kidogo na umpeleke mgonjwa hospitali haraka. Hapo damu haifiki tena, na kinachoumiza ni kila saa inayopita.

Ikiwa iko hai, fanya hivi:

1. Tulia, na umtulize mgonjwa. Mtoto anayelia anajikamua, na kila akijikamua anaisukuma nje tena. Abebwe, anyonyeshwe au abembelezwe kwanza. Mtoto alale kifudifudi mapajani pa mama, au chali magoti yakiwa yamevutwa kifuani. Bibi alale ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa.

2. Nawa mikono, vaa glavu kama unazo, na paka nyama yote jeli ya kulainisha au mafuta ya mgando. Kucha ziwe fupi.

3. Ishike nyama yote kwa kiganja na vidole, juu ya kitambaa laini kilicholowana, ukaibane taratibu kwa dakika kadhaa bila kuisukuma. Hatua hii watu huiruka, na kwa kawaida ndiyo inayoamua. Nyama iliyokaa nje hujaa maji, na kubana huko huyatoa hadi iwe ndogo ya kupita.

4. Sukuma kuanzia katikati, pale penye tundu, ukielekeza ndani. Kilichotoka mwisho ndicho kinachotangulia kurudi. Ukisukuma kingo, inajikunja na kukwama. Ikiingia utahisi imeteleza yenyewe.

5. Bana makalio pamoja kwa dakika chache, mgonjwa aendelee kulala. Kwa mtoto, mhudumu wa kituo cha afya anaweza kuyafunga makalio kwa plasta pana kwa saa kadhaa ili isitoke tena haraka.

Ikiwa imevimba kiasi cha kukataa, kituo cha afya kina njia rahisi ambayo wengi huishangaa: sukari ya kawaida ya mezani inanyunyizwa juu ya nyama yote na kuachwa kama robo saa. Sukari huvuta maji yaliyomo ndani ya uvimbe, nyama inanywea, inasafishwa na kurudishwa. Wakati mwingine mgonjwa hupewa dawa ya usingizi mwepesi ili misuli ilegee.

Usitumie nguvu, usikande kwa kitu cha moto, usipake majivu, dawa za mitishamba wala spiriti. Utando huu ni laini na huungua. Ikiwa umejaribu kwa utulivu na haijarudi, au inatoka tena mara tu unapoiachia, nenda hospitali siku hiyo.

Mtoto: tafuta kinachomfanya ajikamue

Watoto wengi wanaopata tatizo hili hawajafika miaka 4. Mwili wao una sababu zake: mfupa wa chini ya mgongo bado umenyooka, hivyo puru imesimama wima badala ya kuegemea mkunjo wa mfupa, na utando wa ndani bado haujashikana vizuri na msuli. Ukiongeza kujikamua, inateleza. Mtoto anavyokua mkunjo unatokea na vitu vinashikana, na ndiyo sababu kungoja kwa watoto ni matibabu halisi.

Lakini kungoja huko kunahitaji kazi. Tuchukue mvulana wa miaka miwili na nusu anayeletwa na mama yake kwa sababu puru imetoka mara tatu wiki hii. Imekuwa ikirudi yenyewe, ila leo mama ameirudisha kwa mkono. Swali la kwanza ni choo chake kikoje, na mama anasema anaharisha kwa wiki kadhaa, choo kidogo kidogo chenye ute, huku akijikamua hata kama hakuna kitu. Anacheza peku kwenye udongo, na anakula mchanga. Mkono wake ukipimwa kwa utepe ule wa rangi unaotumika kliniki, unasoma sentimita 12, yaani eneo la njano: utapiamlo wa kiasi. Viganja vyake vimepauka.

Hapo tayari sababu tatu zimeonekana, nazo zinashikana. Kuharisha kunamfanya ajikamue mara nyingi. Utapiamlo umeyeyusha mafuta yanayoizunguka puru na kuishikilia. Na kula mchanga, damu kupungua na choo chenye ute vinaelekeza kwenye minyoo ya trikurisi, ile inayojichomeka kwenye ukuta wa utumbo mpana na, ikiwa mingi, kumfanya mtoto ajisikie kutaka choo muda wote. Choo kipimwe maabara. Kwa minyoo hii mebendazoli miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 3 hufanya kazi nzuri zaidi kuliko kidonge kimoja cha albendazoli, ambacho huimaliza minyoo mingine lakini trikurisi mara nyingi hubaki. Kwa kuharisha anapewa maji ya pakiti ya ORS kila baada ya choo na zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Utapiamlo unatibiwa kwa mpango wa lishe wa kituo. Upungufu wa damu upimwe na kutibiwa kwa maelekezo ya mhudumu.

Mama naye anapewa kazi yake ya nyumbani. Mtoto asichuchumae juu ya shimo la choo kwa sasa. Akae kwenye poti ndogo, miguu ikigusa chini, kwa dakika zisizozidi tano. Poti isiwe kiti cha kumtulizia mtoto huku mama akipika. Mwingine ambaye tatizo lake ni choo kigumu angepewa laktulozi ya kulainisha, maji zaidi, papai, maharage na mboga za majani. Kila puru inapotoka, mama aandike tarehe kwenye daftari na aandike kama ilirudi yenyewe au kwa mkono. Daftari hilo ndilo litakalosema baadaye kama tunashinda.

Kwa mtoto kama huyu, kuharisha kukiisha na uzito ukianza kupanda, siku za puru kutoka hupungua, kisha hukoma. Ikitoka mara moja wakati wa homa au kikohozi kikali, isichukuliwe kuwa matibabu yameshindwa.

Kuna watoto ambao sababu iko mbali zaidi. Aliyezaliwa na mgongo wazi ana misuli ya nyonga isiyopata mawasiliano ya neva, na anahitaji daktari wa upasuaji wa watoto mapema. Mtoto ambaye haongezeki uzito ingawa anakula, choo chake kina mafuta na kinanuka sana, na kifua chake kinaugua mara kwa mara, achunguzwe ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi kwa kipimo cha jasho. Ni nadra kwetu, lakini kutokeza kwa puru kunaweza kuwa dalili yake ya kwanza.

Upasuaji wa mtoto unafikiriwa pale ambapo sababu imetibiwa ipasavyo na bado puru inatoka kwa miezi mingi hadi mwaka, hasa kwa aliyepita miaka 4. Unafikiriwa pia ikiwa lazima irudishwe kwa mkono mara kwa mara, inamuuma, au ina vidonda vinavyovuja damu. Hata hapo mara nyingi huanza na sindano: chini ya usingizi, daktari huchoma dawa pembeni ya puru ili kovu dogo lishikamanishe utando na ukuta. Hospitali nyingine hushona uzi kuzunguka mlango wa haja kubwa ili kuubana kwa muda, kisha uzi hutolewa. Kufungua tumbo na kuifunga puru kwenye mfupa huachiwa wachache walioshindikana kwa njia hizo.

Bibi: usingoje misuli ilegee kabisa

Kwa watu wazima, wanawake hupata tatizo hili karibu mara sita zaidi ya wanaume, na wengi wana zaidi ya miaka 50. Watu hudhani ni kwa waliozaa sana, lakini lipo pia kwa wasiowahi kuzaa. Kujikamua kwa miaka mingi kwa sababu ya choo kigumu kunachangia, na pia kulegea kwa misuli ya chini ya nyonga.

Sababu ya kutongoja ni hii. Kila puru inapopita inaupanua msuli unaofunga mlango wa haja kubwa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hawa tayari wanavujisha choo au hewa wanapofika hospitali. Baada ya upasuaji wengi wao hupata nafuu ya kuvuja katika miezi inayofuata, lakini msuli uliopanuliwa kwa miaka mingi haurudi wote. Bibi aliyeacha kwenda msikitini au kanisani, anayekaa mbali na wajukuu kwa kuogopa harufu, hatasema hayo mbele ya mwanawe wa kiume. Aende na binti yake au mkwe wa kike, na mhudumu amuulize akiwa peke yake: "Bibi, nguo inachafuka bila wewe kujua? Mara ngapi kwa wiki?"

Wakati akisubiri matibabu, choo kiwe laini, asikae chooni muda mrefu, ngozi isafishwe kwa maji na kupakwa krimu ya zinki, na avae pedi. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga husaidia kidogo kwenye kuvuja. Hayatarudisha puru mahali pake.

Kabla ya upasuaji kuna jambo moja ambalo ningelidai hata kama daktari amelisahau: utumbo mpana uangaliwe kwa kamera. Mara chache uvimbe au saratani ndiyo inayoivuta puru kushuka, na kuipasua bila kuliona hilo ni kuacha ugonjwa ndani. Kisha damu, sukari, presha na moyo vinapimwa, kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayochagua njia ya upasuaji.

Njia ziko mbili. Ya kwanza hupitia tumboni, kwa mpasuo au kwa matundu madogo na kamera. Puru huvutwa juu na kushonwa kwenye mfupa wa chini ya mgongo, wakati mwingine kwa kutumia wavu maalumu. Mgonjwa anahitaji usingizi kamili, lakini ni kwa wachache tu puru hutoka tena. Baadhi hupata choo kigumu zaidi baada yake, kwa hiyo bibi ambaye tayari hufunga choo aliseme mapema. Ya pili hupitia chini, bila kugusa tumbo, na inaweza kufanywa kwa ganzi ya mgongoni. Kama puru inayotoka ni fupi, daktari huondoa utando na kuukunja msuli kwa nyuzi. Kama ni ndefu, hukata kipande kinachotoka na kuunganisha utumbo uliobaki. Mwili hauchoshwi sana, ila uwezekano wa kutoka tena baadaye ni mkubwa zaidi kuliko njia ya tumboni. Uzi wa kubana mlango wa haja kubwa peke yake hubakia kwa mgonjwa dhaifu asiyeweza lolote kati ya hayo, kwani unaweza kukatika, kuingia usaha, au kukaza hadi choo kikakwama.

Mfano wa bibi: ana miaka 74, puru inatoka sentimita 6 kila akienda choo na sasa hata akitembea, nguo inachafuka karibu kila siku. Presha yake imetulia kwa dawa, anapanda ngazi bila kuhema, na kamera haikuonyesha uvimbe. Umri wake peke yake haumzuii kupasuliwa tumboni kwa matundu, na kwa kuwa ana nguvu ndiyo njia yenye faida ndefu kwake. Kama bibi huyu huyu angekuwa na moyo dhaifu, anayevimba miguu na kuhema kitandani, njia ya chini kwa ganzi ya mgongoni ingefaa zaidi, na familia ingekubali mapema kwamba huenda ikahitaji kurudiwa.

Muulize daktari mambo matatu: amechagua njia gani na kwa nini, ikitoka tena kitafanyika nini, na kama kizazi kimeshuka kitatengenezwa siku hiyo hiyo au la.

Baada ya upasuaji, kwa takriban wiki 6 bibi asibebe ndoo ya maji, mjukuu wala gunia, na asikose dawa ya kulainisha choo hata kama anajisikia mzima. Homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka, usaha, damu nyingi, au kukosa choo na hewa huku tumbo likijaa vinamrudisha hospitali siku hiyo. Kuvuja kukiendelea baada ya hapo, kupimwe tena baada ya miezi 6 hadi 12, muda ambao msuli unakuwa umerudisha kadiri unavyoweza.